Kiuno cha Bibi Harusi Hakiulizwi kwa Fundi

Leo tuna neno, na litawaudhi baadhi ya mafundi wenzetu na baadhi ya mama zetu pia.

Sisi ni mafundi wa nguo za kike, tunashona Ngara mjini na Nyakanazi, upande wa Biharamulo. Huku kwetu watu wanajuana. Kila msimu wa harusi wanaingia dukani watu ambao hawana nguo ya kushona, wamekuja kuuliza tu. Fulani ameagiza gauni la shilingi ngapi? Ametanguliza kiasi gani? Namba yake ya simu ni ipi? Na lile swali kubwa linaulizwa kwa sauti ya chini: kiuno chake kimeongezeka?

Tunasema wazi: fundi anayejibu maswali hayo amevunja amana, hata kama muulizaji ni mama mkwe mtarajiwa na amekuja na maandazi.

Tunalisema hili kwa sababu liliwahi kutupata. Bibi harusi mwenyewe ametupa ruhusa tulisimulie, na vipimo tumevibadilisha. Tulimpima kiuno tukapata inchi 28. Wiki sita baadaye alikuja kujaribu gauni, zipu ikagoma. Gauni la harusi huwa tunaliacha na akiba ya inchi moja ndani ya kila ukingo wa mshono wa pembeni. Mishono ni miwili na kila mmoja una kingo mbili, kwa hiyo ukiachia nusu inchi kila ukingo unapata inchi 2. Tuliachia, zipu ikapanda, tukaandika 30 kwenye daftari.

Siku ya pili alikuja shangazi wa bwana harusi. Alimkuta binti tunayemfundisha kazi. "Mwanangu, gauni la mkwe wetu limeisha?" Binti akajibu kwa adabu zake zote: "Bado kidogo shangazi, tumeliachia inchi 2 kiunoni." Hakuona ubaya, alikuwa anaeleza kwa nini kazi imechelewa. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamefika ukweni kwamba binti ana mimba. Ndoa ikasogezwa wiki mbili, na mtoto wa watu akaambiwa akapime. Ukweli ulikuwa mwepesi. Tulipompima mara ya kwanza alikuwa ametoka kuugua malaria, amekonda. Alipopona mwili ulirudi.

Hapo tulijifunza kwamba kipimo peke yake hakisemi kitu. Kiuno kinaongezeka kwa kupona, kwa dawa, kwa chakula, hata kwa kupimwa juu ya nguo nzito. Fundi anajua inchi tu, sababu haijui. Lakini anayesikia hujaza sababu yake mwenyewe.

Sasa wapo mafundi wanaodhani wanatunza siri, kumbe wanaitoa kwa njia nyingine. Kiuno kikiwa kilekile wanasema, "Ah, hajabadilika huyo." Kikiongezeka wanasema, "Mmh, hilo mkamuulize mwenyewe." Shangazi mwenye akili anatoka hapo na jibu lake. Ukikataa siku ambayo kuna jambo tu, kukataa kwako ndiko kunakolitangaza. Kwa hiyo jibu letu ni moja kwa wateja wote, liwepo jambo au lisiwepo: "Vipimo na malipo ya mteja hatuvisemi, ya mteja yeyote." Tunalisema kwa uso uleule na kwa sauti ileile.

Tena hatuthibitishi hata kama mtu huyo ni mteja wetu. Binti mwingine anamkimbia mchumba wa zamani, na kumwambia huyo bwana "atakuja Ijumaa kujaribu gauni" ni kumpa saa na mahali pa kumsubiri.

Mtatuambia tuna kiburi. Hapana. Kiburi ni kumfukuza mtu, na sisi hatumfukuzi. Anayeuliza mara nyingi ana haja ya kweli nyuma ya swali lake, na haja hiyo tunaweza kuisaidia bila kufungua daftari. Tunamwambia, "Shikamoo mama, karibu ukae. Unahitaji nini tukusaidie?" Hapo ndipo kazi inapoanza.

Akitaka namba ya simu, tunachukua yake yeye. "Tuachie namba yako na ujumbe. Kama tunamfahamu tutamfikishia, akipenda atakupigia." Uamuzi unabaki kwa mwenye namba. Akiwa na wasiwasi gauni halitawahi, tunamwambia kwamba tarehe ya kuchukua nguo imeandikwa kwenye risiti ya mteja, amuulize yeye. Akitaka kujua bei ili naye ashonewe, tunamtajia bei zetu za kila mshono, kwa sababu hizo ni zetu na tuna haki ya kuzitaja. Aliyolipa fulani si yetu.

Kesi ngumu ni ya zawadi. Dada anapiga simu kutoka Mwanza, anataka kumshonea mdogo wake joho la kushtukiza, anaomba vipimo ili ampe fundi wa kule. Nia yake njema, na bado hatumpi. Tunamwambia atume kitambaa na pesa kwetu. Kisha tunamuuliza bibi harusi jambo moja: "Kuna mtu anataka kukushonea zawadi hapa kwetu, unaridhia tutumie vipimo vyako?" Joho gani na la rangi gani hatumwambii, kwa hiyo furaha ya kushtukizwa inabaki kiasi. Akiridhia tunashona, vipimo havitoki dukani. Akikataa, dada anunue mtandio, mtandio hauna kiuno.

Na siri haikai mdomoni tu. Zamani daftari letu lilikuwa wazi mezani, jina na kipimo ukurasa mmoja, kila anayesubiri anasoma. Sasa daftari la vipimo lina namba za risiti tu. Majina na simu vipo kwenye daftari jingine, ndani ya droo yenye ufunguo. Anayekuja kuchukua nguo aje na risiti, asipokuwa nayo tunampigia mwenye nguo mbele yake. Vipimo hatuvitumi kwenye kundi la WhatsApp la mafundi, hata tukiwa tunaomba ushauri wa kukata.

Kwa wale wanaosema hizi ni mbwembwe za mjini, nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Polisi wakija na utaratibu wa kisheria, hilo ni jambo jingine. Shangazi si polisi.

Mama zetu, kama mna shaka na mkwe, kaeni naye mzungumze, au mtumeni somo wake. Msimtume fundi.

Nanyi mabibi harusi, siku ya kupimwa msikilize fundi wako anaongea nini huku kazungusha futi kamba kiunoni mwako. Akikusimulia gauni la bibi harusi wa juzi lilivyogoma kufunga, vaa baibui lako uondoke. Kesho atamsimulia mwingine lako.