Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Robota langu halina kiti

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba Dodoma. Mzigo wangu naufuata Kariakoo, na kila safari ya kurudi huniweka mbele ya swali lilelile: treni, basi au ndege? Nakuandikia kwa sababu wanaolijibu swali hili huanza na nauli wakaishia hapohapo, ilhali safari yangu huanzia mlango wa stoo Kariakoo na kuishia mlango wa kibanda changu Sabasaba.

Nikiwa na begi la nguo tu, sina mjadala. Tiketi ya treni ya kawaida ya SGR iliwekwa shilingi 31,000 huduma ilipofika Dodoma mwaka 2024, na stesheni ya Dar iko katikati ya jiji, bajaji fupi kutoka Kariakoo. Safari yenyewe ni kama saa nne. Ukijumlisha kuwahi kwa ajili ya ukaguzi, pamoja na bajaji ya kutoka Mkonze kuingia mjini, nafika ndani ya saa sita kwa kama shilingi 40,000.

Basi la daraja la kati nauli yake inakaribia 30,000, lakini kwanza nivuke jiji hadi stendi ya Mbezi Luis, kisha Chalinze, Morogoro, Gairo, hadi Nanenane. Siku nzima inaisha barabarani. Ndege hukaa angani saa moja na dakika chache, na uwanja wa Dodoma uko mjini kabisa, jambo ambalo wengi hulisahau wanapoihesabia muda. Hata hivyo, foleni ya Barabara ya Nyerere na saa za kusubiri uwanjani huifikisha safari nzima kwenye saa nne na nusu hivi. Kwa nauli ambayo mara nyingi huzidi laki moja na nusu, nakuwa nimeokoa saa moja na nusu tu dhidi ya treni. Uwanja wa Msalato, ulio nje ya mji, ukichukua nafasi ya huu wa sasa, hata hiyo itapungua.

Sasa weka robota moja kwenye hesabu hiyo. Robota la kawaida lina kilo 45, limebanwa kwa mashine na kufungwa mikanda. Silifungui njiani: likifunguliwa linafumuka, halirudi lilivyokuwa, na mteja wa jumla halitaki tena. Ndege inanipa kilo 23, na kwa desturi ya mashirika ya ndege kipande kimoja kinachozidi kilo 32 hakipokelewi kama begi la abiria hata ukilipia ziada. Kwa hiyo ndege imejitoa yenyewe.

Treni nayo haina buti. Mzigo wa abiria ni ule unaokaa juu ya kiti au pembeni mwa mlango bila kumzuia mtu, na robota halikai popote kati ya hapo. Nikipanda treni, lazima mzigo niutume kwa basi au lori, nilipie mara ya pili, nilipe na mpagazi huku na kule, kisha niende kuusubiri Nanenane. Saa zote nilizookoa zinaishia stendi. Ndiyo maana wenzangu wengi bado tunapanda basi: robota linalala kwenye buti chini ya miguu yetu, bei tunaelewana na kondakta kabla ya kuondoka, na tunashuka nalo. Tunapenda treni. Mzigo ndio unaotuchagulia chombo.

Mheshimiwa, treni za reli ya zamani zilikuwa na behewa la vifurushi nyuma ya abiria. Mchongoko ni seti iliyokamilika, haiongezewi behewa, hilo naelewa. Lakini treni ya kawaida inavutwa na kichwa cha umeme. Hiyo inaweza kufungiwa behewa moja la mizigo ya abiria: linapakiwa na kufungwa kabla ya abiria kuingia, mzigo unapimwa kwenye mizani, unalipiwa kwa kilo, na stakabadhi yake inaambatana na tiketi. Kilo na vipimo vinavyoruhusiwa ndani ya behewa la abiria navyo viandikwe juu ya tiketi yenyewe, ili mama aliyetoka Kigamboni na furushi lake asirudishwe getini.

Jambo la pili ni dogo. Daladala za Mkonze zipangiwe ratiba ya kufika kwa treni, hasa za usiku, maana abiria anayeshuka usiku hana nafasi ya kubishana bei na bajaji.

Naomba uanze na behewa moja, kwa treni moja ya asubuhi kutoka Dar, kwa miezi mitatu. Robota langu la kwanza nitalileta mwenyewe.

Wako,
Mfanyabiashara wa mitumba, Sabasaba, Dodoma