Ikisiri Isiyo na Namba Haimfai Mgonjwa

Wahudumu wengi wa afya husoma ikisiri ya tasnifu tu. Ikimalizika kwa maneno "matokeo yamejadiliwa", hawajaambiwa lolote.

Uchukuliwe mfano wa kubuni: mwanafunzi anachunguza madoa ya kahawia katika meno ya watoto wa Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ambako maji yana floraidi nyingi. Kikomo chake ni maneno 250. Kosa lililozoeleka ni kutumia nusu yake kusimulia volkano, kisha kukata matokeo ili yatoshe. Mgawanyo ufaao ni huu: usuli 30, lengo 30, mbinu 70, matokeo 80, hitimisho 40.

Mbinu zieleze idadi ya watoto, jinsi walivyochaguliwa, na kwamba madoa yalipangwa kwa kipimo cha Dean. Matokeo yataje watoto wangapi kati ya wangapi, pamoja na kiasi cha floraidi kikilinganishwa na kikomo cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. "Watoto wengi" si matokeo.

Hitimisho nalo lisiyapite matokeo. Magadi ya kupikia pia huwa na floraidi. Kama hayakupimwa, mwandishi hana haki ya kuyalaumu maji peke yake. Mzazi atakayeambiwa abadili kisima huku magadi yakibaki jikoni atakuwa amepotoshwa. Basi msimamizi aanze kusoma sentensi ya matokeo. Ikikosa namba, airudishe.