Ng'ombe aliyesomeka mgonjwa si lazima awe mgonjwa

Mzee mmoja mfugaji wa kata ya Ngorongo, wilayani Rufiji, aliniuliza swali moja ambalo, kwa maoni yangu, lilipaswa kuulizwa na wataalamu wetu kabla hajaliuliza yeye. Alikuwa na majike 40. Damu ilichukuliwa kwa ajili ya kuchunguza ugonjwa wa kutupa mimba, yaani bruselosisi, na majibu yakarudi kwamba majike wawili wamesomeka wana ugonjwa. Aliyeleta majibu alimwambia kipimo hicho kinapatia tisini kwa mia.

"Sasa, kijana wangu," akaniambia, "maana yake hawa wawili ni wagonjwa kwa tisini kwa mia, sivyo?"

Nilimjibu kwamba sivyo, nikaona uso wake umejaa mashaka. Hakuwa na sababu ya kuniamini mimi mchumi dhidi ya mtu wa mifugo. Isitoshe, habari ilikwishafika mnadani, na wanunuzi walikuwa wameanza kumpangia bei ya mtu mwenye shida.

Msomaji asidhani kwamba mzee yule alikosea kwa kuwa hakukaa sana darasani. Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani walichapisha swali fupi walilowauliza watu 60 katika hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwamo madaktari na wanafunzi wa mwaka wa nne. Ugonjwa unampata mtu mmoja katika 1,000, kipimo kinawasingizia asilimia 5 ya watu wazima wa afya. Je, aliyesomeka mgonjwa ana uwezekano gani wa kuwa mgonjwa kweli? Jibu lililotolewa na wengi lilikuwa asilimia 95. Jibu sahihi haliifikii hata asilimia 2. Waliopata ni 11 tu kati ya 60.

Kosa lenyewe ni kugeuza sentensi. Wakazi wa Rufiji wataliona upesi nikisema hivi: karibu kila mvuvi wa delta ana mtumbwi, lakini si kila mwenye mtumbwi Rufiji ni mvuvi. Wengine wanauhitaji kuvuka kwenda mashambani, wengine wanabebea mkaa na mpunga. Ukimwona mtu na mtumbwi, huwezi kumwita mvuvi mpaka ujue kwanza wavuvi ni wangapi katika kijiji hicho na wasio wavuvi wenye mitumbwi ni wangapi. Ndivyo ilivyo kwa kipimo. Kusema "katika ng'ombe 100 wagonjwa, kipimo kinawaona 90" ni jambo moja. Kusema "katika ng'ombe 100 walioonwa na kipimo, 90 ni wagonjwa" ni jambo jingine kabisa, na la pili halitoki katika la kwanza.

Tufanye hesabu, na ieleweke kwamba namba hizi ni za mfano. Chukua eneo lenye majike 1,000 ambako ugonjwa uko kwa wawili katika kila mia, yaani wagonjwa 20 na wazima 980. Kipimo kinawaona 90 katika kila wagonjwa 100, na kinawasingizia watano katika kila wazima 100. Katika wale 20 kitawaona 18. Katika wazima 980 kitawasingizia 49. Jumla ya watakaosomeka wagonjwa ni 67, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 18. Hiyo ni takribani mmoja katika kila wanne. Kipimo hakijabadilika, bado kinapatia tisini kwa mia kwa maana yake ile ya kwanza. Kilichofanya kazi hapa ni wingi wa wazima: asilimia 5 ya watu wengi inaizidi asilimia 90 ya watu wachache.

Sasa peleka kipimo hicho hicho kwenye kundi la majike 100 ambalo limekuwa likitupa mimba, na tuseme 30 ni wagonjwa. Kitawaona 27, na katika wazima 70 kitawasingizia watatu au wanne. Hapa aliyesomeka mgonjwa ni mgonjwa kweli kwa karibu mara tisa katika kumi. Lakini tazama na upande wa pili, maana huko nako kuna hatari: wagonjwa watatu wamepita wakihesabiwa wazima, na watarudi zizini bila kutiliwa shaka. Katika eneo la kwanza waliopita hivyo walikuwa wawili tu kati ya 933. Kwa hiyo penye ugonjwa kidogo jibu la "mzima" ndilo la kuaminika, na penye ugonjwa mwingi ni lile la "mgonjwa".

Kwa nini kipimo kinasingizia? Kinachotumika sana ni kile cha sahani, ambacho maabara hukiita Rozi Bengali kwa ajili ya rangi yake ya waridi. Tone la majimaji ya damu linachanganywa na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi, vinatikiswa kwa dakika nne, na vikishikana vijipunje vijipunje ng'ombe anahesabiwa mgonjwa. Ni kipimo chepesi na cha bei nafuu, nami sina ugomvi nacho. Ila hakimwoni mdudu wa ugonjwa. Kinaona kingamwili, yaani alama ambayo mwili umeiacha katika damu baada ya kupambana. Ng'ombe aliyechanjwa kwa chanjo ya S19 anaweza kuwa na alama hiyo, hasa akichanjwa ukubwani, na ndiyo sababu chanjo hiyo hupewa mitamba wa kati ya miezi mitatu na minane. Vilevile kuna bakteria wa jamii ya Yesinia ambaye ganda lake linafanana mno na la mdudu wa bruselosisi, na ng'ombe aliyekutana naye atasomeka mgonjwa ingawa hana ugonjwa tunaoutafuta. Jike aliyenunuliwa mbali bila karatasi ya chanjo ni kitendawili mbele ya sahani ile.

Wafugaji wengi wa Rufiji walihamia huko baada ya kuondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, na mifugo yao imechanganyikana njiani na minadani. Kumbukumbu za kundi ziko kichwani mwa mwenye kundi. Kwa hiyo wa kwanza kuulizwa awe yeye. Je, kuna majike waliotupa mimba ikiwa imekwishakomaa, kuanzia mwezi wa tano na kuendelea? Je, kondo la nyuma linachelewa kutoka? Kuna ng'ombe waliovimba magoti? Majibu hayo hayathibitishi ugonjwa, lakini ndiyo yanayotuambia tuko katika eneo la kwanza au kundi la pili, na bila kulijua hilo namba ya maabara haina tafsiri.

Turudi kwa mzee wetu. Majike wake ni 40. Kama wote wangekuwa wazima, kipimo cha mfano wetu kingewasingizia wawili. Ndiyo idadi aliyopewa! Na alipoulizwa, alisema hakumbuki mimba iliyotupwa kwa misimu kadhaa, wala magoti yaliyovimba. Kundi lake halikuwa na dalili nyingine yoyote zaidi ya makosa ambayo tungeyategemea. Laiti wangesomeka kumi katika 40, nisingethubutu kumwambia maneno hayo, kwa sababu makosa peke yake hayafiki huko.

Dawa yake ni kipimo cha pili kwa wale tu waliosomeka wagonjwa. Rudi kwenye wale 67. Tuseme kipimo cha pili, mathalani kile cha Elisa cha ushindani, kinawaona 95 katika wagonjwa 100 na kinawasingizia wawili katika wazima 100. Katika wale 18 watabaki 17, na katika wale 49 waliosingiziwa atabaki mmoja. Tukiwa na majike 18 ambao 17 ni wagonjwa, hapo tunaweza kuzungumza habari ya kuwaondoa. Lakini kuna sharti ambalo mara nyingi linasahauliwa: kipimo cha pili kisiwe na udhaifu ule ule wa cha kwanza. Kurudia sahani ile ile kwa damu ile ile ni kumuuliza shahidi mmoja mara mbili. Elisa ya ushindani inasaidia kiasi kuwatenganisha waliochanjwa, lakini suala la Yesinia inaweza isilimalize, kwa kuwa nayo inatazama ganda lile lile.

Wako watakaosema vipimo viwili ni gharama. Tuzipime basi. Chukulia jike mzima ana bei ya Sh 900,000 na akiuzwa haraka kwa mchinjaji anapata Sh 600,000. Majike 49 waliosingiziwa, wakiuzwa hivyo, wafugaji wanapoteza Sh 14,700,000, bila kuhesabu ndama na maziwa. Kipimo cha pili kwa wote 67, hata tukikiwekea Sh 20,000 kila kimoja pamoja na usafiri wa sampuli, ni Sh 1,340,000. Tofauti ni kwamba gharama ya kipimo inaonekana kwenye bajeti ya ofisi, na hasara ya mfugaji haiandikwi popote.

Upande wa binadamu jambo hili nalo lipo. Busia, Kenya, watafiti waliwachunguza wagonjwa zaidi ya 800 waliofika vituo vya afya wakiwa na dalili zinazofanana na za bruselosisi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kipimo kilichozoeleka huko kiliwasoma zaidi ya 160 kuwa wana ugonjwa. Kipimo cha Rozi Bengali, ambacho kwa binadamu kilikuwa bora zaidi, kiliwaona wanane tu. Huko kipimo chenyewe kilikuwa kibovu. Tiba ya bruselosisi ni dawa za wiki sita hivi, na aliyezimeza bure bado alikuwa na homa yake nyingine isiyotibiwa.

Sisemi majibu yapuuzwe. Jike aliyesomeka mgonjwa atengwe, hasa akikaribia kuzaa, na kondo lake lisishikwe kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe, na hilo ni kwa ng'ombe wote, kwani hata waliosomeka wazima wanaweza kuwa na mgonjwa miongoni mwao. Ninachoomba ni karatasi ya majibu iseme "amesomeka, anasubiri kipimo cha pili" badala ya "mgonjwa", na damu ya kipimo hicho cha pili iondoke siku ile ile.

Kwa mzee wa Ngorongo, damu ya majike wale wawili ilipelekwa tena baada ya kusumbuana sana, na majibu yalirudi wiki ya tatu yakisema wote wawili hawana ugonjwa. Mmoja alikuwa amekwishauzwa kwa mchinjaji, akiwa na mimba.