Ndege Ikikwama Lodwar kwa Sababu ya Tairi, Zima Kamera

Wasee, leo naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana niliposti video nikiwa uwanja wa ndege wa Lodwar, jasho linanitiririka, nikilalamika kwamba ndege yetu haitoki kwa sababu ya tairi moja. Nilikuwa nimetoka Kakuma kwa shangazi usiku wa manane, kilomita kama 120 za barabara, ili niwahi kazi ya kulipwa Nairobi mchana. Nikaelekeza kamera kwa ile tairi nikasema, "Si hapo nje kuna bodaboda wana pampu? Waweke upepo twende!"

Watu walicheka. Ile video ilienda mbali kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Na ilikuwa ujinga mtupu, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho.

Nilijua hivyo siku hiyo hiyo, kabla hata ya jua kutua, kwa sababu fundi wa ile ndege alinisikia. Ni mzee mmoja mpole, kofia imechakaa, mikono imejaa grisi. Hakunikasirikia. Aliniita tu, "Kijana, kuja uone." Mimi ni mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo naweza kusema bila kuona haya: lile somo la chini ya bawa la ndege lilikuwa bora kuliko mengi niliyolipia karo.

Ndege yenyewe ilikuwa ya propela mbili, zile ambazo kila mguu mkuu una tairi mbili kando kwa kando. Ilikuwa imelala Lodwar. Alfajiri, kabla ya jua kuchoma lami, fundi alipita na geji kwa kila tairi. Mbona alfajiri? Kwa sababu tairi hupimwa ikiwa imepoa. Ndege ikitua, tairi hutoka kusimama kabisa hadi mwendo mkali kwa kufumba na kufumbua, halafu breki zinaongeza joto lao. Gesi iliyo ndani inatanuka na geji inasoma juu. Tairi inayovuja inaweza kukudanganya iko sawa, kumbe ni joto tu limeijaza. Ndiyo maana ndege husubiriwa angalau saa mbili baada ya kutua ndipo upime namba ya kuaminika. Na ukikuta tairi ya moto inasoma juu kupita kiasi, hutoi upepo. Ukitoa, ikipoa itakuwa chini ya inavyotakiwa.

Hesabu yake ni rahisi. Kila nyuzijoto 3 zikipanda au kushuka, presha inabadilika kwa takriban asilimia 1. Sasa fikiria Lodwar saa nane mchana, nyuzijoto 36, mtu anajaza tairi hadi mahali pake kamili, tuite 100. Ndege inaenda kulala Nairobi, na asubuhi baridi ni nyuzijoto 15. Tofauti ni 21. Gawanya kwa 3, unapata 7. Ile tairi itasoma karibu 93 na haijatoboka popote. Kwa hivyo ndege inayozunguka kati ya Turkana na Nairobi haiwezi kupimwa mara moja kwa wiki ukasema imetosha. Tena hata tairi nzima kabisa hupoteza gesi kidogo kila siku. Watengenezaji wanakubali hadi asilimia 5 kwa saa 24, na wanataka presha ipimwe kila siku.

Asubuhi ile tairi moja ilisoma kama 84 kwa mia. Nikamuuliza mzee, si ungeongeza tu ifike 100? Akacheka. Ikiwa kati ya 95 na 90, akasema, unajaza, unaandika, unaiangalia kesho. Ikishuka chini ya 90, hujazi. Unaitoa kwenye ndege. Na ikishuka chini ya 80, unaitoa pamoja na mwenzake wa pembeni, hata kama huyo mwenzake anasoma vizuri.

Hapo ndipo nilinyamaza. Kwa nini utupe tairi ambayo haina makosa?

Akaniambia niziangalie zote mbili, nimwonyeshe ipi ni mbaya. Buda, sikuweza. Zilikuwa zimesimama sawa kabisa. Tairi zikiwa mbili kwa mguu mmoja, ile yenye upepo inabeba mzigo wa ile iliyochoka, kwa hivyo ndege haiinami na hakuna inayoonekana bapa. Pikipiki ikipigwa na mwiba wa mathenge unaona rimu imekaa chini. Ndege inakuficha. Macho hayatoshi, lazima geji.

Na wakati inakuficha, uharibifu unaendelea ndani. Tairi yenye upepo mdogo hujikunja zaidi kila inapozunguka. Kujikunja kunaleta joto, na joto linaachanisha tabaka za nyuzi zilizo ndani ya mpira. Ile nyingine nayo, iliyobeba mzigo wa wawili, inaumia vivyo hivyo. Ukiongeza upepo baadaye, geji inasoma vizuri lakini zile nyuzi hazijarudi pamoja. Umejaza tu kitu kilichovunjika.

Sasa nitakupeleka mbali kidogo na Turkana, kwa sababu kuna mahali hii stori ilitokea mpaka mwisho.

Tarehe 11 Julai 1991, uwanja wa Jeddah, Saudi Arabia. Ndege aina ya DC-8 ya shirika la Kanada liitwalo Nationair, iliyokodishwa kubeba mahujaji wa Nigeria, inajiandaa kuwarudisha nyumbani Sokoto. Siku chache kabla, mafundi walikuwa wamegundua kuna tairi zenye presha ya chini. Fundi mkuu alitaka zijazwe. Nitrojeni haikupatikana kwa urahisi, kuitafuta kungechelewesha safari, na msimamizi wa ile kazi hakutaka kuchelewa. Ndege ikaruhusiwa kuruka hivyo hivyo.

Ilizunguka mwendo mrefu kuelekea mwanzo wa njia ya kurukia, tairi zikichemka. Ilipoanza kukimbia, tairi iliyokuwa imebebeshwa mzigo wa jirani yake ikapasuka, na ya jirani ikafuata. Gurudumu likagoma kuzunguka, likasuguana na lami hadi likashika moto. Marubani hawakuwa na njia ya kuuona ule moto. Wakaruka na kukunja miguu kama kawaida, na hapo ndipo moto ulipoingizwa ndani ya tumbo la ndege. Walijaribu kurudi. Watu wote 261 walikufa.

Mimi nilikuwa nimetoa mzaha wa pampu ya bodaboda.

Halafu kuna hii ya nitrojeni yenyewe, maana najua kuna mtu atasema si upepo ni upepo. Mji mzima wa Nairobi kuna vituo vya petroli vinavyokuuzia nitrojeni ya gari kwa mbwembwe, eti haitanuki kwa joto. Hiyo ni stori ya jaba. Hewa unayopumua tayari ni asilimia 78 nitrojeni, na nitrojeni inatanuka na kusinyaa karibu sawa na hewa kavu. Ile hesabu yangu ya Lodwar na Nairobi haibadiliki. Kwa gari lako la kwenda Rongai, pima presha kila mwezi na uweke pesa yako mfukoni.

Kwenye ndege sababu ni tofauti. Shida ni kile kingine kilicho ndani ya hewa: oksijeni asilimia 21, na unyevu. Unyevu unakula rimu kwa kutu. Oksijeni inachakaza mpira taratibu, lakini hatari kubwa ni breki zikipata moto sana. Mpira uliochemka hutoa gesi zinazoweza kuwaka, na ndani ya tairi kuna oksijeni iliyobanwa inayosubiri. Haihitaji cheche. Ikifika joto fulani inalipuka yenyewe, kama bomu lililofungwa ndani ya mguu wa ndege. Nitrojeni kavu haitoi hiyo oksijeni, kwa hivyo hakuna cha kuwasha.

Hili nalo liligharimu watu. Tarehe 31 Machi 1986, Boeing 727 ya Mexicana iliondoka Mexico City, breki moja ikiwa imepata joto kupita kiasi, na tairi ilikuwa imejazwa hewa ya kawaida badala ya nitrojeni. Ililipukia angani, ikakata mabomba ya mafuta na ya haidroli. Walikufa watu 167. Baada ya hapo Marekani iliweka sheria kwa ndege kubwa, zinazozidi takriban tani 34, kwamba oksijeni ndani ya tairi isizidi asilimia 5. Ndege zinazokuja Lodwar na Kakuma kwa kawaida ni nyepesi kuliko hizo, kwa hivyo usidhani sheria hiyo inazigusa zote. Lakini yule mzee hajazi kitu kingine ila nitrojeni, na nilipomwuliza kama hewa si ingefaa kwa dharura aliniangalia kama nimemtukana mamake.

Sasa ile siku yetu. Tairi nyingine, ikiwa tayari kwenye rimu yake, ililetwa na ndege ya mchana kutoka Nairobi pamoja na mtungi wa nitrojeni. Mzee akainua mguu kwa jeki, akatoa gurudumu, akazikagua beringi moja moja, akafunga nati kwa spana ya kupima nguvu huku akisoma kitabu. Abiria mmoja akapiga kelele, "Fundi, fanya haraka!" Mzee hakugeuka. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nakumbuka 2019. Nilikuwa nimesahau. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, hapa hapa Lodwar, Dash 8 ya Silverstone Air iliyokuwa ikielekea Nairobi ilipoteza gurudumu zima wakati wa kuruka. Ikaenda kutua Eldoret, na watu wakatoka salama. Kwa hivyo yeye hafungi nati ya gurudumu kwa sababu mtu ana miadi.

Maoni yangu sasa ni haya, na najua wengine mtanichambua. Hasira yetu tunaielekeza kwa mtu asiyestahili. Fundi anayesema "hii haitoki" yuko peke yake pale chini, na kila kamera tunayomwelekezea inamsukuma upande ule ule alikokuwa amesimama msimamizi wa Jeddah. Ukitaka kulalamika, lalamika kwamba tairi na mtungi vililazimika kutoka Nairobi. Uliza kwa nini mashirika yanayolaza ndege Lodwar hayaweki gurudumu moja la akiba na mtungi mmoja hapa. Hiyo video ningeipenda, na bado sijaona mtu akiitengeneza, hata mimi.

Tulitoka saa kumi na nusu jioni. Kazi ya Nairobi niliikosa, na pesa yake pia. Ile video ya pampu nimeifuta, ingawa bado inazunguka WhatsApp kwa jina langu, na juzi shangazi alinitumia akiniuliza kama huyo kijana mjinga ni mimi.