Kuujibu Mwaliko wa Harusi kwa Ahadi ya Mchango

Swali la wiki hii limetoka kwa fundi cherehani wa Mombasa, ambaye dada yake mkubwa ameolewa Machakos, na mpwa wake aliyezaliwa huko sasa anaoa. Kadi imemfikia, na pamoja nayo karatasi ya kamati: walima ni Jumamosi tarehe 20 Juni, na hesabu ya michango itafungwa Ijumaa tarehe 12. Fundi ana shilingi 6,000 mkononi. Anatarajia 9,000 atakapokabidhi sare za wanafunzi alizopewa kushona, na zaidi ya hapo ana matumaini tu ya kupata 5,000 nyingine, iwapo biashara itamwendea vizuri. Ameniandikia: “Sheikh, nimjibu vipi dada? Nikisema ‘tuko pamoja’ naona nimekwepa, na nikisema 20,000 naogopa.”

Hofu yake ina msingi, na ili tuione sababu yake yatupasa tuutazame upande wa pili, yaani daftari la mweka hazina. Daftari hilo huwa na safu mbili: ya ahadi na ya fedha zilizopokewa. Wengi hudhani ni safu ya pili tu inayofanya kazi. Ukweli ni kwamba mipango yote hujengwa juu ya ile ya kwanza, kwa kuwa mpishi hutaka malipo ya awali kabla hajaahirisha kazi za watu wengine, mwenye mahema na viti vilevile, na idadi ya mbuzi na ya magunia ya mchele hukatwa kabla fedha hazijatimia. Kamati hutazama jumla ya ahadi, ikatia maanani kuwa wengine hawatatimiza, kisha ikaagiza. Kwa hiyo aliyeandika 20,000 akaleta 15,000 ameacha pengo, na pengo hilo hujazwa na baba wa bwana harusi kwa mkopo, pengine usiku wa kuamkia walima. Aliyeandika 15,000 na akaleta 15,000 hakumsumbua mtu. Naye aliyejibu “tuko pamoja” hana mstari katika daftari, hata kama moyoni mwake amekusudia mengi.

Ndiyo maana nikamwambia fundi aandike 15,000, na zile 5,000 za matumaini azinyamazie kabisa. Zikipatikana, atamtunza mpwa wake mkononi siku ya harusi, na itakuwa furaha juu ya furaha. Zisipopatikana, hakuna aliyezihesabu.

Hapa inafaa tuseme neno juu ya hukumu, kwa kuwa fundi ameuliza pia kama ahadi hii itakuwa deni shingoni mwake. Katika madhehebu yetu ya Shafii, kutimiza ahadi ni jambo lililosisitizwa sana, lakini ahadi yenyewe haiwi deni la kudaiwa mbele ya kadhi, kwani zawadi haikamiliki mpaka ishikwe na anayepewa. Akifa fundi kabla ya kutoa, warithi wake hawalazimiki. Lakini asije mtu akaufanya huo ni mlango wa kutokea. Kuahidi huku umekusudia tangu mwanzo kutotimiza ni dhambi, na hadithi mashuhuri imeihesabu tabia ya kuvunja ahadi miongoni mwa alama za unafiki. Tena katika madhehebu ya Maliki iko kauli mashuhuri kwamba ikiwa mtu ameingia katika gharama kwa sababu ya ahadi yako, basi ahadi hiyo yakulazimu. Nami naona wanazuoni wale waliutazama vyema mfano kama wa kamati yetu hii, iliyokwisha kumlipa mpishi kwa kutegemea neno la mjomba.

Na je, fedha hizi dada naye atazirudisha siku fundi atakapooza? Hili nalo lilijadiliwa zamani. Wanachuoni wa Kishafii waliokuja nyuma walihitilafiana juu ya fedha wanazotunzana watu harusini, wako waliosema ni mkopo na wako waliosema ni zawadi, hata kama watu wamezoea kurudishiana. Hiyo ya pili ndiyo iliyoonekana na wengi wao kuwa na nguvu zaidi. Lakini maadamu khitilafu ipo, na nyumba nyingi zimevunjiana heshima kwa daftari la “mimi nilikupa ngapi”, sentensi moja ndani ya jibu inaondoa shaka yote: sema kuwa ni zawadi. Ikiwa kwenu mna chama cha kupokezana kwa zamu, hilo ni jambo jingine na lisemwe kwa jina lake.

Kisha tofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuitika mwito wa walima ya ndoa ni wajibu kwa masharti yake, na mchango si katika masharti hayo. Asiye na kitu na aende ale, aombee dua. Kwa hiyo jibu lianze na kuhudhuria, na litaje idadi ya watakaokuja, kwa sababu wageni wa kutoka Mombasa kwenda Machakos hawaji kula tu, wanahitaji pia pa kulala. Fedha zifuate baadaye. Jibu linaloanza na shilingi husikika kama hati ya dai.

Nimemwandikia fundi mfano ufuatao, aubadilishe apendavyo:

“Dada yangu mpenzi, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baad, kadi yenu imenifikia, nami nimeisoma mara mbili kwa furaha, kwani huyu anayeoa ndiye yule niliyemshonea kanzu yake ya kwanza ya Idi, na alilia kwa kuwa mikono ilikuwa mirefu. Nitakuja inshallah mimi, wifi yako na binti yetu mkubwa, watu watatu. Tutashuka Kyumvi Ijumaa tarehe 19 jioni, na tutalala popote mtakapotuweka. Mchango wangu kwa walima ya mpwa wangu ni shilingi 15,000. Nitatuma 6,000 Jumatatu tarehe 1 Juni, na 9,000 Jumanne tarehe 9, kabla hamjafunga hesabu. Hii ni zawadi yangu kwake, si mkopo, wala sitaraji irudi. Nisalimie shemeji, na mwambie bwana harusi vipimo vya kanzu nangojea bado.”

Tazama tarehe zilivyopangwa. Sare zitakabidhiwa tarehe 5, lakini ahadi ya pili imewekwa tarehe 9, kwa sababu wenye kulipa sare huchelewa siku mbili tatu, na hilo kila fundi analijua. Na kati ya tarehe 9 na kufungwa kwa hesabu kumebaki siku tatu za akiba. Anayeahidi kwa tarehe ileile anayotarajia kulipwa ameahidi kwa mfuko wa mtu mwingine. Na anayesema “mwisho wa mwezi” bila kutaja siku amempa mweka hazina kazi ya kumpigia simu, jambo ambalo halimpendezi yeyote kati yao. Ama fedha za kuja baada ya walima, ziahidiwe tu iwapo mwenye shughuli mwenyewe amesema kuna deni litakalobaki, la mahema kwa mfano. Mchele hauwezi kusubiri.

Neno “inshallah” nimelitia katika safari, na fundi anaweza kulitia katika fedha pia, kwani Suratul Kahf, aya ya 23 na ya 24, imetufundisha tusiseme tutafanya kesho bila ya kulirejesha jambo kwa Mwenyezi Mungu. Lakini neno hili ni la mwenye nia iliyofungwa, aliyekwisha kutia fedha kando. Kulitumia badala ya tarehe ni kulidhulumu.

Wako wanaopenda kuahidi vitu badala ya fedha, na hilo lina baraka zake, ila lina mitego. Ukisema “mbuzi mmoja”, mwenzako atafikiri beberu mnene nawe unafikiri mbuzi wa kawaida, na nani atamsafirisha, nani atamchinja? Ukisema “gunia la mchele”, jua kuwa madukani kuna la kilo 25 na la kilo 50, na kwamba mpishi wa biriani huwa na mchele wake anaouamini, akipewa mwingine husingizia huo sufuria ikiharibika. Taja kilo, taja aina, na uulize kwanza.

Barua hii ya mapenzi ni ya dada peke yake. Haifai kumwagwa katika kundi la WhatsApp la kamati, ambako majina hupangwa na viwango vyake na kila mtu akajipima na jirani. Kwa mweka hazina mstari mmoja wa faragha watosha, lakini mstari huo uwe na jambo moja ambalo wengi hulisahau: jina litakalotokea katika ujumbe wa M-Pesa. Fundi wetu hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mkewe. Fedha zikifika, mweka hazina ataona jina la mwanamke asiyemjua, atazitia katika “wasiojulikana”, na mbele ya jina la mjomba patabaki patupu mpaka siku ya harusi. Aulize pia kama kamati italazimika kuzitoa fedha taslimu. Ikiwa ndivyo, aongeze ada ya kutolea juu ya 15,000, ili ahadi ifike kamili, au aseme wazi kwamba ada imo ndani yake.

Na ikiwa tarehe 8 imefika, sare zimekabidhiwa lakini malipo ni nusu? Asingoje tarehe 9 ipite wala asizime simu. Amwandikie mweka hazina siku hiyohiyo, kwa kiwango kipya na si kwa maelezo marefu: “Katika 9,000 nilizoahidi, 4,500 zitafika kesho. Zilizobaki msizihesabu.” Maneno hayo “msizihesabu” ni mazito kuyaandika, lakini yakifika siku nne kabla ya kufungwa hesabu, kamati itapunguza mbuzi au itamtafuta mjomba mwingine, na hakuna atakayekopa usiku. Dada naye apigiwe simu asikie kwa sauti ya nduguye kabla hajasikia kwa kamati. Salio hilo likipatikana baadaye, aende nalo Machakos ndani ya bahasha, amkabidhi dada yake mkononi.