Dakika Tano za Bosi

Mwandishi mmoja anadai kwamba bosi mzoefu humtambua mfanyakazi mzuri ndani ya dakika tano, na maswali ya kupangwa humharibia kipaji hicho. Ushahidi? Eti hajawahi kukosea. Atajuaje? Aliowakataa hakuwaona wakifanya kazi; huenda aliye bora kuliko wote yuko kwa mshindani wake. Anasahihisha mtihani wake mwenyewe, tena nusu yake tu.

Dakika hizo tano tunazijua. Mwombaji anataja shule aliyosoma bosi, wanacheka, na muda uliobaki bosi anatafuta sababu za alichokwisha kuamua. Mwenye haya ndiye anayebanwa.

Unatafuta mtunza stoo? Waulize wote: “Daftari linaonyesha mifuko 60 ya saruji, umehesabu 48. Utafanya nini?” Anayesema atahesabu upya, atakagua hati za kutolea mali na kutoa taarifa siku hiyohiyo, mpe 5, anayerekebisha daftari kimyakimya, 1. Kila msaili aandike alama peke yake, kabla bosi hajafungua mdomo.

Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walilinganisha mbinu za kuchagua wafanyakazi. Usaili wa maswali ya kupangwa uliongoza katika kutabiri utendaji. Ule wa soga uliachwa mbali.