Taa Nyekundu ya Faiba Dukani: Tuangalie Nini Kabla ya Kupiga Simu



Wenye maduka ya kuchapa na kutoa kopi hapa Tunguu, jirani na Chuo Kikuu cha Zanzibar na kampasi ya SUZA, wanaujua vyema msimu wa wanafunzi kuwasilisha kazi zao. Duka hujaa tangu asubuhi, na kila aliyesimama foleni ana faili lake kwenye baruapepe. Siku kama hiyo kisanduku cha faiba kikiwasha taa nyekundu, riziki ya siku nzima husimama. Simu ya kwanza hupigwa kwa mtoa huduma, jibu huwa kwamba fundi atakuja, na mara nyingine fundi akija hukuta tatizo lilikuwa nyuma ya kabati la duka lenyewe. Wiki hii tumeona tuieleze taa hiyo: inasema nini, haisemi nini, na mwenye duka anaweza kukagua nini kwa mikono yake bila ya kuharibu kitu.

Tuanze kwa kuisoma. Usoni mwa kisanduku kuna taa kadhaa zenye maandishi madogo. Nne ndizo za kuzingatiwa: POWER, PON, LOS na INTERNET. Mambo yakiwa sawa, PON huwaka kijani na kutulia, na LOS huwa imezimika kabisa. LOS ikiwaka au kumetameta nyekundu, maana yake ni moja: mwanga unaotumwa na mtoa huduma kupitia uzi wa kioo haukifikii kisanduku, au unafika ukiwa dhaifu mno hata kisiweze kuusoma.

Ukishaijua maana hiyo, mengi utayaacha. Hutohangaika kubadilisha neno la siri la waifai, kwani waifai ni safari ya kutoka kisandukuni hadi kwenye simu yako, nayo haihusiani na LOS. Hutokimbilia pia kudhani umekatiwa kwa kuchelewa kulipa. Aghalabu, aliyesitishiwa huduma kwa ajili ya malipo huona LOS imezimika, PON imetulia kijani, na INTERNET ndiyo iliyozimika au iliyo nyekundu, kwa sababu mwanga unafika na kinachokosekana ni ruhusa. Na zaidi ya yote, hutochukua sindano ukabonyeza kile kitundu kilichoandikwa RESET. Kitundu hicho hufuta mipangilio aliyoiweka fundi siku ya kwanza. Hakirudishi mwanga uliopotea, bali huigeuza hitilafu moja kuwa mbili.

Kuhusu umeme, watu wengi huchanganya. Umeme ukikatika dukani, taa zote huzimika, ikiwemo POWER, na hilo halina fumbo. Lakini uzi wa kioo wenyewe hauhitaji umeme njiani. Kile kijisanduku cha nguzoni kinachougawa mwanga kwa nyumba kadhaa hufanya kazi bila ya umeme, hivyo kukatika kwa umeme mtaani peke yake hakuwashi LOS. Umeme ukirudi, kipe kisanduku dakika tatu kiamke na kujitambulisha. Ikiwa LOS bado ni nyekundu, kizime kwa swichi, hesabu nusu dakika, kiwashe, na usubiri dakika tatu nyengine. Fanya hivyo mara moja tu. Kuzima na kuwasha mara kumi hakuleti mwanga ambao haupo.

Sasa tuufuate uzi. Ndani ya waya ule mwembamba mna kioo, na sehemu ya kioo inayopitisha mwanga ina upana wa takriban sehemu tisa kati ya elfu moja za milimita moja, yaani mikromita 9. Unywele wa mwanadamu ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Uzi wa shaba ukikunjwa, umeme hupita. Uzi wa kioo ukikunjwa, mwanga huvuja pale kwenye kona na unaobaki hauendi mbali. Kipimo chepesi cha kukumbuka ni mdomo wa kikombe cha chai: mzunguko wa waya usiwe mdogo kuliko huo, yaani kiasi cha sentimita 6. Basi anza kwenye kisanduku, uufuate waya kwa macho na kwa mkono hadi ukutani, kisha hadi pale unapotoka nje. Tazama nyuma ya makabati, chini ya miguu ya viti, kwenye bawaba za mlango, na popote palipopigiliwa msumari wa kushikilia waya. Tazama alama za meno ya panya. Nje, tazama kwa macho tu mpaka kwenye nguzo, kama kuna tawi lililouangukia au watoto wameutundikia kitu. Usipande nguzo.

Mwisho wa waya, pale unapoingia kisandukuni, pana kichwa kidogo cha plastiki, na kwa kawaida huwa cha kijani. Wakati wa kupangusa vumbi au kusogeza meza, kichwa hiki hulegea. Zima kisanduku, kisukume polepole mpaka usikie mlio wa kuingia, kisha uwashe. Usikichomoe ikiwa hakuna haja. Kikishatoka, ncha yake hupokea vumbi, na chembe moja ya wino wa mashine ya kopi inatosha kuuziba mwanga. Usiifute kwa ncha ya kanga, kwa kidole wala kwa kuipulizia pumzi. Fundi ana kifaa chake cha kuisafishia. Usibadilishane waya wa kichwa cha kijani na wa kichwa cha buluu, maana ncha ya kijani imechongwa kwa mshazari na ya buluu imechongwa wima, nazo hazikutani sawasawa. Na kwa hali yoyote usiichungulie ncha hiyo. Mwanga wake ni wa leza na jicho haliuoni. Kutouona si dalili kwamba haupo.

Tuchukue mfano wa duka moja la kopi, la mama na mwanawe. Kwa muda wa wiki mbili wateja walilalamika kwamba mtandao unakatika na kurudi, hasa mchana. Kisha asubuhi moja LOS ikawaka na haikuzimika. Kijana alitaka kubonyeza RESET, mama akamwambia, "Subiri mwanangu, tuufuate waya kwanza." Wakaufuata, wakakuta kabati la karatasi limesukumwa hadi ukutani wiki mbili nyuma ili kupata nafasi ya mashine mpya, na waya umebanwa nyuma yake ukakunjika kama karatasi. Walipolivuta kabati na kuuachia waya ujikunjue kwa upana, taa nyekundu ilizimika na PON ikatulia baada ya dakika mbili.

Kijana hakuishia hapo. Kisanduku huwa na ukurasa wake wa ndani, unaofunguka kwenye kompyuta hata kama intaneti haipo. Anwani yake na jina la kuingilia huandikwa kwenye kibandiko cha chini. Mara nyingi anwani ni 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Humo mna sehemu inayoonyesha RX Optical Power, nguvu ya mwanga unaopokewa. Namba hii huwa na alama ya kutoa mbele yake, na kadiri inavyokuwa kubwa baada ya alama hiyo ndivyo mwanga unavyokuwa dhaifu. Kwa visanduku vya kawaida, inapopindukia -27 dBm kisanduku huanza kushindwa kusoma. Kila inaposhuka kwa 3, mwanga umepungua kwa nusu. Inaposhuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Siku ya kufungiwa, fundi aliandika -19 kwenye kadi. Baada ya kulivuta kabati, ukurasa ulisoma -20. Hapo wakajua kwamba waya ulipona karibu wote. Lau ungesoma -26, taa ingekuwa imezimika lakini ugonjwa ungekuwa bado upo, na wangepaswa kumwita fundi kabla haujarudi. Kukatika kwa wiki mbili kulikuwa ndiyo dalili: namba ilikuwa ikicheza kwenye ukingo.

Ikiwa umekagua yote haya na taa bado ni nyekundu, muulize jirani anayetumia mtoa huduma yuleyule. Yeye akiwa salama, yumkini tatizo liko kwenye waya wako, baina ya nguzo na duka. Naye akiwa na taa nyekundu, basi pengine kebo kubwa imekatwa mahali, kama inavyotokea barabara inapochimbwa, na hakuna la kufanya ndani ya duka isipokuwa kutoa taarifa. Jirani asituhumiwe wala mafundi wa ujenzi wasilaumiwe kabla ya kuthibitisha. Tabayun ni adabu yetu katika habari za watu, na katika habari za waya pia.

Ukiukuta waya umekatika, usijaribu kuufunga kwa utepe kama waya wa umeme. Kioo huunganishwa kwa mashine inayoyeyusha ncha mbili zikawa moja. Vipande vilivyomeguka ni vyembamba na vikali, huingia ngozini bila ya kuonekana, kwa hivyo waweke watoto mbali na usiviguse kwa mkono mtupu.

Sasa piga simu, ukiwa na karatasi mkononi. Andika saa taa ilipoanza, rangi ya kila taa kati ya zile nne, namba iliyoandikwa GPON SN kwenye kibandiko, hali ya jirani, na ile namba ya mwanga ikiwa umeipata. Useme pia uliyoyakagua. Atakayepokea atakuuliza kama umezima na kuwasha. Kama hukufanya, usiseme umefanya. Uongo huo mdogo humpeleka fundi mahali pasipo, na foleni ya wenzako hurefuka kwa ajili yako. Mwenye kueleza kwa ukweli kwamba LOS ni nyekundu, waya haukubanwa, kichwa kimekaza na jirani yuko salama, amemwambia fundi aje na ngazi na mashine ya kuunganisha, na asipoteze safari.

Mpaka ufike msaada, waambie wateja hali ilivyo kabla hawajalipa wala kusimama foleni. Mwanafunzi mwenye muda mfupi apate nafasi ya kwenda duka jengine.

Wabillahi tawfiq.